Kwanza kuingia, kwanza kutoka na wastani wa gharama katika kuthamini bidhaa

Kwanza kuingia, kwanza kutoka, inayojulikana pia kama FIFO, na wastani wa gharama ni njia mbili za uhasibu zinazotumika kukadiria thamani ya bidhaa ambazo mfanyabiashara hajaziuza hadi siku ya kufunga hesabu. Njia ya kwanza huchukulia kwamba bidhaa zilizonunuliwa mapema ndizo zilizouzwa mapema, hivyo zinazobaki ni zile za karibuni. Njia ya pili huchanganya gharama za bidhaa zote zilizopo na kuipa kila moja bei ya kununulia iliyo sawa.

Bei ya kununulia isipobadilika, njia zote mbili hutoa jibu moja. Bei ikipanda au kushuka, duka lilelile, lenye mauzo yaleyale na mzigo uleule, huonyesha faida mbili tofauti. Makala hii inaeleza jinsi tofauti hiyo inavyotokea kwa kutumia mfano wa duka la saruji katika viunga vya Dar es Salaam, na inaonyesha kwa nini faida inayosomeka kwenye hesabu si lazima iwe fedha ambayo mwenye duka anaweza kuitumia.

## Kwa nini njia ya kuthamini inahitajika

Faida ghafi ya duka ni mauzo ukitoa gharama ya bidhaa zilizouzwa. Mauzo hujulikana kwa urahisi, kwa kuwa yapo kwenye daftari na kwenye risiti. Gharama ya bidhaa zilizouzwa kwa kawaida haiandikwi kila mara kitu kinapouzwa, bali hutafutwa mwisho wa kipindi kwa hesabu hii:

Bidhaa za mwanzo + manunuzi − bidhaa zilizobaki = gharama ya bidhaa zilizouzwa

Bidhaa za mwanzo zinatokana na hesabu za kipindi kilichopita, na manunuzi yapo kwenye ankara za wauzaji wa jumla. Kinachobaki kukadiriwa ni thamani ya bidhaa zilizobaki. Idadi yake hupatikana kwa kuhesabu stoo, lakini bei ya kuzidisha kwa idadi hiyo haionekani kwenye mfuko. Mifuko 100 ya saruji ya kiwanda kimoja iliyopangwa ukutani hufanana, hata kama mingine ilinunuliwa Januari na mingine Machi kwa bei tofauti.

Kwa sababu hiyo, thamani ya bidhaa zilizobaki huathiri faida moja kwa moja. Kila shilingi inayoongezwa kwenye thamani hiyo hupunguza gharama ya bidhaa zilizouzwa kwa shilingi moja, na huongeza faida ya kipindi hicho kwa shilingi moja.

Njia hizi mbili ni kwa ajili ya bidhaa zinazoweza kuchukua nafasi ya nyingine, kama saruji, misumari, nondo, sukari au mafuta ya kula. Kitu kinachotambulika peke yake, kama gari lililotumika lenye namba yake ya chesesi, huthaminiwa kwa gharama yake chenyewe.

## Gharama ya mfuko mmoja ni ipi

Kabla ya kuchagua njia, ni lazima gharama ya kila shehena iandikwe kwa ukamilifu. Saruji inayouzwa Dar es Salaam hutoka sehemu mbalimbali. Mingine hutoka karibu, katika kiwanda cha Wazo kilichopo Wilaya ya Kinondoni, ambacho kilianza uzalishaji mwaka 1966. Mingine huletwa kwa malori kutoka Mtwara na kuingia mjini kwa Barabara ya Kilwa, kupitia Mbagala katika Wilaya ya Temeke. Bei inayoandikwa kwenye ankara inaweza kuwa ya kiwandani, ya ghala la muuzaji wa jumla, au ya mzigo uliofikishwa dukani.

Gharama ya mfuko katika hesabu ni ile ya kuufikisha mahali utakapouzwa. Hujumuisha bei ya ankara, nauli ya gari na malipo ya wapakiaji na washushaji. Ikiwa duka limesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, kodi hiyo haiingii kwenye gharama kwa sababu duka hulidai dhidi ya kodi linayokusanya kutoka kwa wateja. Duka lisilosajiliwa haliwezi kuirudisha, hivyo kwake kodi hiyo ni sehemu ya gharama. Kodi ya pango, mshahara wa muuzaji na umeme wa duka si gharama ya mfuko. Hizo hutolewa baadaye, faida halisi inapotafutwa.

## Mfano wa duka la saruji Mbagala

Mfano ufuatao ni wa kubuni, na bei zake zimechaguliwa ili hesabu iwe rahisi kufuatwa. Duka la vifaa vya ujenzi lililopo Mbagala linafunga hesabu kila miezi mitatu. Mwenye duka ananunua na kuuza kwa fedha taslimu, na gharama zilizoandikwa hapa tayari zina nauli ndani yake.

| Tarehe | Tukio | Mifuko | Bei ya mfuko (sh.) | Jumla (sh.) |
|---|---|---|---|---|
| 1 Januari | Bidhaa za mwanzo | 100 | 13,000 | 1,300,000 |
| 20 Januari | Kununua | 300 | 14,000 | 4,200,000 |
| Hadi 10 Februari | Kuuza | 240 | 15,500 | 3,720,000 |
| 15 Februari | Kununua | 240 | 15,000 | 3,600,000 |
| Hadi 31 Machi | Kuuza | 300 | 16,500 | 4,950,000 |

Mauzo yote ni sh. 8,670,000. Manunuzi yote ni sh. 7,800,000. Ukijumlisha bidhaa za mwanzo na manunuzi, gharama ya mifuko yote iliyopita dukani ni sh. 9,100,000. Mifuko 640 iliingia, 540 ikauzwa, na 100 imebaki. Hadi hapa hakuna ubishi wowote. Ubishi ni namna ya kuigawa ile sh. 9,100,000 kati ya mifuko iliyouzwa na iliyobaki.

### Kwa kwanza kuingia, kwanza kutoka

Katika mauzo ya kwanza ya mifuko 240, inachukuliwa kwamba mifuko yote 100 ya zamani ilitoka kwanza kwa sh. 13,000, kisha mifuko 140 ya shehena ya Januari kwa sh. 14,000. Gharama yake ni sh. 1,300,000 na sh. 1,960,000, jumla sh. 3,260,000. Inabaki mifuko 160 ya sh. 14,000.

Shehena ya Februari inapoingia, huwekwa nyuma ya hiyo 160 bila kuchanganywa nayo. Katika mauzo ya pili ya mifuko 300, ile 160 inatoka kwanza kwa sh. 2,240,000, kisha mifuko 140 ya sh. 15,000 kwa sh. 2,100,000. Jumla ni sh. 4,340,000.

Mifuko 100 inayobaki yote ni ya shehena ya mwisho, hivyo thamani yake ni sh. 1,500,000. Gharama ya bidhaa zilizouzwa ni sh. 7,600,000.

### Kwa wastani wa gharama

Hapa wastani hupigwa upya kila shehena mpya inapoingia. Tarehe 20 Januari duka lina mifuko 400 iliyogharimu sh. 5,500,000. Kugawanya kwa 400 kunatoa sh. 13,750 kwa kila mfuko. Mifuko 240 iliyouzwa inatoka kwa bei hiyo, yaani sh. 3,300,000, na 160 inayobaki ina thamani ya sh. 2,200,000.

Tarehe 15 Februari inaongezwa mifuko 240 ya sh. 3,600,000. Sasa kuna mifuko 400 ya sh. 5,800,000, na wastani mpya ni sh. 14,500. Mifuko 300 ya mauzo ya pili inatoka kwa sh. 4,350,000. Mifuko 100 inayobaki ina thamani ya sh. 1,450,000, na gharama ya bidhaa zilizouzwa ni sh. 7,650,000.

Kuuza bidhaa hakubadilishi wastani. Kinachoubadilisha ni kununua kwa bei iliyo tofauti na wastani uliopo.

### Matokeo mawili

| | Kwanza kuingia, kwanza kutoka (sh.) | Wastani wa gharama (sh.) |
|---|---|---|
| Mauzo | 8,670,000 | 8,670,000 |
| Gharama ya bidhaa zilizouzwa | 7,600,000 | 7,650,000 |
| Faida ghafi | 1,070,000 | 1,020,000 |
| Thamani ya bidhaa zilizobaki | 1,500,000 | 1,450,000 |

Faida zinatofautiana kwa sh. 50,000, sawasawa na tofauti ya thamani ya bidhaa zilizobaki. Bei zilikuwa zinapanda, na njia ya kwanza iliyatoa mauzo mapya kwa gharama za zamani zilizo nafuu. Ndiyo maana faida yake ilikuwa kubwa zaidi. Njia ya wastani iliingiza sehemu ya bei mpya kwenye gharama ya mifuko iliyouzwa, na kuacha sehemu ya bei za zamani kwenye mifuko iliyobaki.

Ukubwa wa tofauti hutegemea mambo mawili: bei imebadilika kwa kasi gani, na mzigo uliobaki ni mkubwa kiasi gani ukilinganisha na mauzo. Duka linalouza mzigo wote ndani ya wiki moja huona tofauti ndogo sana, kwa kuwa bei haipati muda wa kubadilika kati ya kununua na kuuza. Duka lenye ghala lililojaa wakati bei zinapanda huona tofauti kubwa.

Wapo wanaopiga wastani mmoja tu mwisho wa kipindi. Katika mfano huu, sh. 9,100,000 ikigawanywa kwa mifuko yote 640 hutoa sh. 14,218.75 kwa mfuko. Mifuko 100 iliyobaki huwa na thamani ya sh. 1,421,875, na faida ghafi huwa sh. 991,875. Njia hii ni rahisi kwa duka lisilo na kadi ya stoo, lakini gharama haiwezi kujulikana mpaka kipindi kiishe.

## Faida kwenye hesabu na fedha mkononi

Katika mfano huu duka lilianza na mifuko 100 na likamaliza na mifuko 100. Fedha iliyoingia kwa mauzo ni sh. 8,670,000, na iliyotoka kwa manunuzi ni sh. 7,800,000. Kilichoongezeka kwenye sanduku la fedha, kabla ya kulipa pango na matumizi mengine, ni sh. 870,000. Kiasi hiki hakibadiliki kwa njia yoyote ya kuthamini.

Hata hivyo, njia ya kwanza inasema faida ni sh. 1,070,000, na njia ya wastani inasema ni sh. 1,020,000. Ziada ya sh. 200,000 katika njia ya kwanza ipo stoo. Ni kupanda kwa bei ya mifuko ileile 100, kutoka sh. 13,000 hadi sh. 15,000 kila mmoja. Katika njia ya wastani, sehemu iliyopo stoo ni sh. 150,000.

Hapa ndipo mwenye duka anapoweza kuumia bila kujua. Akisoma faida ya sh. 1,070,000 na kutoa kiasi hicho chote kwa ajili ya ada za shule au kumalizia nyumba, sh. 200,000 kati yake itatoka kwenye mtaji. Atakaporudi kwa muuzaji wa jumla hataweza kununua idadi ya mifuko aliyozoea, ingawa daftari lake linasema hakula zaidi ya faida. Katika kipindi cha bei kupanda, wengi huona mauzo yanaongezeka kwa shilingi huku mzigo dukani ukipungua kwa idadi, na mara nyingi chanzo ni hiki. Njia ya wastani hupunguza kosa hili lakini hailiondoi. Kinga yake ni kulinganisha faida na fedha iliyoingia, na kuhesabu mifuko pamoja na shilingi.

Jambo hili linagusa pia washirika. Ikiwa duka ni la watu wawili wanaogawana nusu kwa nusu, na mmoja anajitoa tarehe 31 Machi, fungu lake kwa njia ya kwanza ni kubwa kwa sh. 25,000 kuliko kwa wastani. Kwa mzigo wa mamilioni, kiasi hicho hukua hadi kuwa chanzo cha ugomvi. Kwa sababu hiyo njia ya kuthamini bidhaa huandikwa katika mkataba wa ushirika mwanzoni, kabla ya yeyote kujua itamnufaisha nani.

## Tofauti hujirudisha yenyewe

Bidhaa zilizobaki tarehe 31 Machi ndizo bidhaa za mwanzo tarehe 1 Aprili. Tuseme mwenye duka anauza mifuko yote 100 mwezi Aprili kwa sh. 16,500, bila kununua mingine. Mauzo ni sh. 1,650,000. Kwa njia ya kwanza gharama ni sh. 1,500,000 na faida ni sh. 150,000. Kwa njia ya wastani gharama ni sh. 1,450,000 na faida ni sh. 200,000.

Sasa wastani ndio wenye faida kubwa, kwa sh. 50,000 ileile. Ukijumlisha vipindi vyote viwili, kila njia inatoa sh. 1,220,000. Hivyo njia ya kuthamini haizalishi faida wala haiipotezi. Huamua tu faida ionekane katika kipindi gani. Hata hivyo, duka linaloendelea hununua mzigo mpya kila mara, na bei zikiendelea kupanda tofauti hiyo husogezwa mbele mwaka hadi mwaka bila kujirudisha yote.

## Bei zinaposhuka

Bei ya saruji hupanda na pia hushuka. Mwishoni mwa mwaka 2020 saruji iliadimika nchini Tanzania na bei yake ikapanda ghafla katika mikoa mbalimbali, Dar es Salaam ikiwemo. Aliyejaza stoo wakati wa uhaba wa namna hiyo hubaki na mzigo wa bei ya juu pale saruji inapopatikana tena.

Chukua duka la Tegeta lililonunua mifuko 100 kwa sh. 18,000, kisha mifuko 100 kwa sh. 15,000, na likauza mifuko 100. Kwa njia ya kwanza iliyouzwa ni ile ya sh. 18,000, na iliyobaki ina thamani ya sh. 1,500,000. Kwa wastani kila mfuko ni sh. 16,500, na iliyobaki ina thamani ya sh. 1,650,000. Safari hii njia ya kwanza ndiyo inayoonyesha faida ndogo, kwa sababu bei ya juu imetoka yote kwenye mauzo ya mwanzo.

Lakini hesabu ya wastani haiishii hapo. Ikiwa bei ya kuuzia sasa ni sh. 16,000, duka haliruhusiwi kuacha mfuko kwenye hesabu kwa sh. 16,500. Kanuni inasema bidhaa ithaminiwe kwa kiasi kilicho kidogo kati ya gharama yake na kile inachotarajiwa kuingiza ikiuzwa, baada ya kutoa gharama za kuiuza. Ikiwa hakuna gharama za kuuza, mifuko 100 inashushwa hadi sh. 1,600,000, na sh. 50,000 inaingizwa kama hasara katika kipindi hichohicho. Kwa njia ya kwanza marekebisho hayahitajiki, kwa kuwa sh. 15,000 tayari iko chini ya bei ya kuuzia.

Kanuni hiyo inahusu pia mifuko iliyoharibika. Saruji iliyopata unyevu na kuwa jiwe haina thamani ya gharama yake, hata kama ipo stoo na imehesabiwa.

## Kanuni zinazotumika Tanzania

Tanzania ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya uhasibu mwaka 2004, chini ya usimamizi wa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA. Kiwango kinachohusu bidhaa ni IAS 2. Kinaruhusu njia zote mbili zilizoelezwa hapa. Kampuni hutakiwa kutaja katika maelezo ya hesabu zake njia iliyotumia, ili msomaji aweze kulinganisha faida yake na ya kampuni nyingine.

Njia ya tatu, ya mwisho kuingia, kwanza kutoka, iliondolewa katika kiwango hicho kilipofanyiwa marekebisho mwaka 2003, na katazo lilianza kutumika kwa vipindi vilivyoanza tarehe 1 Januari 2005 au baadaye. Njia hiyo huacha kwenye mizania bei za zamani sana zisizolingana na hali ya soko. Nchini Marekani bado inaruhusiwa, na kwa hiyo wanafunzi hukutana nayo katika vitabu vinavyotoka huko.

IAS 2 inataka bidhaa za aina moja na matumizi yanayofanana zithaminiwe kwa njia moja. Tofauti ya mahali peke yake haitoshi kuwa sababu. Mfanyabiashara mwenye tawi Tegeta na jingine Mbagala hawezi kutumia wastani kwa saruji ya tawi moja na FIFO kwa saruji ya tawi la pili kwa sababu tu matawi yako wilaya tofauti. Anaweza kutumia njia tofauti kwa bidhaa za aina na matumizi tofauti.

Kwa upande wa kodi, athari hutegemea ukubwa na aina ya biashara. Kampuni hulipa kodi ya mapato ya asilimia 30 ya faida inayotozwa kodi, hivyo tofauti ya faida ya sh. 50,000 hubadilisha kodi kwa sh. 15,000. Mfanyabiashara mdogo asiye kampuni anaweza kulipa kwa kufuata mauzo ghafi badala ya faida. Sheria ya Fedha ya 2019 ilipandisha ukomo wa mauzo wa utaratibu huo kutoka sh. milioni 20 hadi sh. milioni 100 kwa mwaka. Duka la mfano wetu, kama linauza saruji tu na kwa kasi hiyohiyo, litafikisha mauzo ya karibu sh. milioni 35 kwa mwaka. Mwenye duka akiwa katika utaratibu huo, njia ya kuthamini bidhaa haibadilishi kodi yake hata kidogo. Kwake hesabu hii ina faida nyingine: kujua kama mtaji unakua au unaliwa.

## Makosa ya kawaida na namna ya kuyatambua

Kupiga wastani wa bei bila kujali idadi. Katika mfano wa Mbagala, mtu anaweza kujumlisha 13,000, 14,000 na 15,000, kugawanya kwa tatu, na kupata sh. 14,000. Hilo si jibu, kwa sababu mifuko ya sh. 13,000 ilikuwa 100 tu wakati mingine ilikuwa 300 na 240. Kwa bei hiyo faida ghafi ingesomeka sh. 970,000. Wastani sahihi hugawanya jumla ya shilingi kwa jumla ya mifuko.

Kutumia bei ya mwisho kwa mzigo wote. Katika mfano wetu mifuko 100 iliyobaki yote ilitoshea katika shehena ya mwisho yenye mifuko 240, hivyo bei ya sh. 15,000 ilikuwa sahihi kwa FIFO. Kama ingebaki mifuko 300, ni 240 tu ambayo ingethaminiwa kwa sh. 15,000. Mifuko 60 ingerudi kwenye bei ya shehena iliyotangulia.

Kuthamini kwa bei ya kuuzia. Kosa hili ni la mara kwa mara pale anayehesabu stoo anaposoma bei zilizobandikwa kwa ajili ya wateja. Matokeo yake ni kuandika faida ya bidhaa ambazo bado hazijauzwa. Dalili yake ni faida ghafi inayopanda kila mara stoo inapojaa.

Kubadilisha njia kila kipindi. Mwenye kutafuta mkopo huvutiwa na njia inayoonyesha faida kubwa, na mwenye kukadiriwa kodi huvutiwa na ile inayoonyesha faida ndogo. Dalili ya mabadiliko ya kimyakimya ni bidhaa za mwanzo wa kipindi kutolingana na bidhaa za mwisho wa kipindi kilichopita. Kampuni ikibadilisha njia kwa sababu halali, hueleza badiliko hilo na kurekebisha takwimu za mwaka uliopita ili zilinganike.

Kutokuhesabu stoo. Njia zote mbili hufanya kazi kwa idadi iliyopo kweli. Kadi ya duka la Mbagala inasema imebaki mifuko 100. Kama hesabu ya mikono inaonyesha 97, mifuko mitatu imepasuka, imeibwa au ilitolewa bila kuandikwa. Thamani iliyobaki hupunguzwa kwa sh. 45,000 katika njia ya kwanza, au sh. 43,500 katika njia ya wastani, na faida hupungua kwa kiasi hicho. Mashine ya EFD haiwezi kugundua upungufu huo, kwa kuwa hurekodi mauzo yaliyotolewa risiti na si kilichomo stoo.

Kipimo cha haraka cha usahihi ni kujumlisha gharama ya bidhaa zilizouzwa na thamani ya zilizobaki. Kabla ya kuandika hasara yoyote, jibu lazima lilingane na bidhaa za mwanzo pamoja na manunuzi. Katika mfano wetu, 7,600,000 na 1,500,000 ni 9,100,000, na 7,650,000 na 1,450,000 pia ni 9,100,000.

## Kupangwa kwa mzigo na uchaguzi wa njia

Njia ya kuthamini si lazima ifuate namna bidhaa zinavyotoka stoo. Muuza saruji makini hutoa mifuko ya zamani kwanza ili isigande, lakini anaweza kutumia wastani katika vitabu vyake. Kinyume chake, mapipa ya mafuta ya kula yakimiminwa katika tangi moja, hakuna awezaye kutenganisha ya zamani na mapya, na bado sheria za uhasibu zinamruhusu mwenye nayo kutumia FIFO. Kinachotakiwa ni njia moja, inayofuatwa kipindi hadi kipindi.

FIFO huhitaji kila shehena iandikwe peke yake na bei yake, lakini huacha kwenye mizania thamani iliyo karibu na bei za sasa. Wastani huhitaji safu moja tu ya bei kwenye kadi ya stoo, na hulainisha faida pale bei zinapopanda na kushuka ndani ya muda mfupi. Kwa duka lenye bidhaa nyingi ndogondogo kama misumari, skrubu na viungio vya mabomba, wastani hupunguza sana kazi ya kuandika. Kwa bidhaa chache zinazoingia kwa shehena kubwa, kama saruji na nondo, kufuata kila shehena si kazi ngumu, na njia yoyote kati ya hizi mbili inawezekana.